Kilimo cha Mwani na Kalenda ya Bamvua Katika Pwani ya Kwale

Mwani huishi katika maji ya chumvi peke yake, na kwa hiyo mkulima wa Zombe, huko Kitui, anayetaka kuuona ukilimwa hana budi kuteremka hadi Kibuyuni, kijiji cha Kwale kilicho karibu na Shimoni. Kilimo hiki ni kigeni kwa kiasi fulani, kwani katika Afrika Mashariki kilianza kuwa cha biashara mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Hata hivyo, kiliingia katika mila iliyokuwepo tangu zamani, yaani desturi ya wanawake kushuka ufuoni maji yanapopwa ili kuokota chaza na kusaka pweza, ndiyo maana huko Unguja na Kwale walimaji wengi ni wanawake.

Kazi hupangwa kwa mwezi wa angani. Siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupwa mbali sana katikati ya asubuhi, na hapo ndipo shamba hufikika kwa miguu. Siku za maji mafu, tofauti ya kupwa na kujaa huwa ndogo na mkulima hubaki nyumbani akifunga mbegu au kutengeneza kamba. Harusi na safari zinaweza kuahirishwa, bamvua haiahirishwi.

Mahali pa shamba huchaguliwa wakati wa bamvua kubwa, kwa sababu hapo ndipo kina cha chini kabisa huonekana. Maji yanayofaa ni yale yanayobaki angalau kufika magotini bahari inapopwa, kwani mwani ulioachwa juani hukauka na kufa, ilhali yakizidi kimo hicho kwa mbali, mkulima hawezi kufanya kazi akiwa amesimama. Chini pawe na mchanga unaoshika vigingi, mwamba wa nje uvunje mawimbi, na mkondo uwe wa wastani, wenye kuleta chakula na kupoza maji bila kung'oa kamba. Karibu na mdomo wa mto hapafai, kwa kuwa maji baridi ya mvua hupunguza chumvi na kuudhoofisha mwani.

Vigingi hupigwa katika safu mbili zinazotazamana, na kati yake hunyooshwa kamba, mara nyingi ya mita kumi, iliyo sentimita 20 hadi 30 juu ya mchanga. Kati ya kamba moja na nyingine huachwa nafasi ipatayo sentimita 30, kwa sababu zikikaribiana zaidi hugongana, na mwani hujisugua hadi kukatika. Kwenye kamba hufungwa vipande vya mbegu vya gramu mia moja hivi kwa nyuzi laini ziitwazo taitai, kila sentimita 20, hivyo kamba moja hubeba mashada yapatayo 50, yaani kilo tano za mbegu.

Baada ya wiki sita, kamba iliyotunzwa vizuri inaweza kuwa na mwani mara tano ya uliopandwa, yaani kilo 25. Mkulima hodari hutenga kwanza kilo tano za ncha changa ziwe mbegu, na kilo 20 zinazobaki, kwa kuwa kilo nane za mwani mbichi huacha takriban kilo moja ya mkavu, humpa kilo mbili na nusu za kuuza. Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini kamba chache haziwezi kulisha nyumba. Kuvuna mapema huonekana kuwa faida ya haraka, lakini mwani mchanga huwa haujakomaza utomvu wake, ule unaotumiwa viwandani kugandisha vyakula, na mnunuzi huutambua.

Adui mkuu ni joto. Matawi yakianza kuwa meupe na laini, kisha yakakatika, huo ni ugonjwa uitwao aisi-aisi, unaofuata maji yaliyopata joto kupita kiasi au kupungua chumvi. Dawa haipo, na lililo bora ni kuvuna mara moja kilichosalia. Kotoni, aina yenye bei nzuri zaidi, ndiyo inayoshambuliwa sana, na kwa sababu hiyo wengi hulima spinosamu, ambayo hustahimili zaidi lakini hulipwa kidogo. Samaki aina ya tasi nao hula ncha, na alama yao ni matawi yaliyokatwa wazi bila weupe wowote.

Ukaushaji huchukua siku mbili hadi tatu za jua kali. Mwani unaotandazwa mchangani huokota uchafu, nao husababisha bei kukatwa, kwa hiyo huanikwa juu ya chanja, yaani jukwaa la miti na wavu, au juu ya makuti, na kugeuzwa mara kadhaa. Mvua ni hatari zaidi, kwani maji yasiyo ya chumvi huyeyusha utomvu na kuuacha mwani mweupe usio na thamani, na ndiyo maana turubai huwekwa karibu. Ulio tayari hukunjika kama mpira pasipo kulowesha kiganja, na juu yake hutanda chumvi nyeupe, ambayo hukung'utwa kabla ya kutiwa magunia.