Hadithi Nne Ndani ya Mkoba Mmoja

Muhula unapokaribia mwisho, mwalimu wa gredi ya 8 aliyefundisha utunzi wa hadithi huwa na rundo la mikoba mezani. Ndani ya kila mkoba mna hadithi fupi nne, rasimu zake, na ukurasa ambamo mwanafunzi ameeleza alivyozitunga. Mtaala wa umilisi wa Kenya humtaka mwalimu aonyeshe kila mwanafunzi amefika wapi katika ngazi nne: mbali na matarajio, kukaribia, kufikia, au kuzidisha matarajio. Kwa hiyo halengi kutafuta hadithi iliyo tamu kuliko zote. Anachotafuta ni ushahidi kwamba mwanafunzi sasa anaweza kufanya kile alichofundishwa muhula huo.

Mambo hayo mawili huchanganywa mara nyingi, na anayeumia ni mtoto. Hadithi inaweza kumpendeza mwalimu kwa sababu mwandishi wake amekulia nyumba ya wasimulizi na ana maneno mengi, lakini isioneshe hata kidogo kwamba alijifunza kumjenga mhusika. Nyingine inaweza kuwa na makosa ya tahajia kila mstari, mwandiko wa kuchosha macho, na humohumo mna mhusika unayemwona akitembea. Ikiwa matokeo yaliyolengwa yalihusu mhusika, mkoba huo wa pili ndio wenye ushahidi. Tahajia ina siku yake na kipimo chake.

Kazi huanza na maneno ya matokeo yenyewe. Sentensi kama «mwanafunzi aweze kuthamini sanaa ya hadithi» haimsaidii msahihishaji, kwa kuwa hakuna mstari anaoweza kuuwekea kidole na kusema kuthamini ni huku. Afadhali iandikwe: aweze kumjenga mhusika kwa matendo na mazungumzo yake. Hapo mtu anajua atafute nini kwenye ukurasa. Tuseme mwalimu wetu alikuwa na matokeo matatu tu: hilo la mhusika, la pili, aweze kuunda mgogoro na kuutatua kwa njia inayotokana na matukio ya hadithi, la tatu, aweze kuboresha rasimu kutokana na maoni ya wasomaji. Matatu yanatosha. Mwenye matokeo tisa huishia kuyakisia yote.

Tufungue mkoba mmoja. Hadithi ya kwanza, ya Januari, inamhusu shangazi anayeuza omena sokoni, na mwanafunzi ameandika: «Shangazi alikuwa mchoyo sana.» Hapo tumeambiwa tu, hatujaoneshwa. Hadithi ya pili ina mwendo uleule: dereva «alikuwa mkali», jirani «alikuwa mwema». Ya tatu inamrudia shangazi, na sasa tunasoma: «Alijaza gorogoro, akalitazama, kisha akatoa vidagaa viwili akavirudisha guniani.» Neno mchoyo halipo popote, na uchoyo umejaa. Ya nne ina fundi wa baiskeli anayejibu kila swali kwa swali jingine, na kwa majibu hayo tunatambua kwamba anaficha jambo. Basi kwa matokeo ya kwanza ushahidi upo, tena mara mbili mfululizo, kwa matendo katika hadithi moja na kwa mazungumzo katika nyingine. Anafikia matarajio.

Wengi huteleza hapa kwa kutafuta wastani. Kama hadithi hizo zingepewa alama 3, 4, 7 na 8 kwa 10, wastani ungekuwa 5.5, nambari isiyoielezea hadithi hata moja kati ya hizo nne. Kujumlisha namna hiyo ni kumwadhibu mtoto kwa kutojua mwezi Januari jambo ambalo alikuja shuleni ili afundishwe. Matokeo yanazungumzia anachoweza mwishoni, kwa hiyo kazi za mwisho ndizo zenye uzito, na zile za mwanzo hubaki mkobani kuonyesha alikotoka. Hata hivyo kazi moja nzuri haitoshi. Inaweza kuwa bahati, au mada iliyomgusa. Kanuni ninayoiona kuwa ya haki ni ushahidi kujitokeza walau mara mbili katika kazi tofauti.

Kanuni hiyo ndiyo inayoamua matokeo ya pili. Hadithi ya kwanza inaisha kwa «kumbe ilikuwa ndoto». Ya pili inaisha kwa ajali ya ghafla inayomwondoa mtu mbaya njiani. Katika ya tatu, mjomba tajiri anatokea ukurasa wa mwisho na kulipa madeni yote. Ni ya nne peke yake ambayo utatuzi wake unatoka ndani: fundi anairudisha baiskeli ya wizi kwa sababu ya ahadi tuliyomsikia akiitoa ukurasa wa kwanza. Mara moja tu. Kwa mgogoro na utatuzi anakaribia matarajio, hata kama hadithi hiyo ya nne ndiyo bora zaidi darasani.

Matokeo ya tatu hayasomwi kwenye nakala safi kabisa. Yamo katika rasimu. Kwenye rasimu ya kwanza ya hadithi ya tatu mwenzake ameandika pembeni: «Huyu shangazi simwoni.» Rasimu ya pili imefuta sentensi mbili za sifa na kuingiza lile gorogoro. Hapo mwandishi amepokea maoni, akafikiri, akabadili jambo la msingi. Linganisha na mkoba mwingine ambamo rasimu ya pili imebadili «alienda» kuwa «aliondoka» na kunakili yaliyobaki kwa mwandiko mzuri. Huko ni kunakili, na mwalimu anayehesabu idadi ya rasimu bila kuzilaza pamoja na kuzilinganisha atavipa vyote viwili kiwango kimoja.

Kwa michoro njia ni ileile, ila macho hutafuta vitu vingine. Chukua matokeo haya: aweze kuonyesha ujazo wa kitu kwa mwanga na kivuli. Mbele yako pana mchoro wa chungu. Tazama kama mwanga unatoka upande mmoja kwa vitu vyote vilivyo mezani, kama penseli inakolea pole pole kutoka upande wenye nuru hadi wenye giza, na kama kivuli kilichoanguka mezani kimelala upande ulio kinyume na mwanga. Mchoro safi wenye mistari myembamba na maua yaliyopambwa shingoni unaweza kukosa yote matatu. Vilevile mchoro ulionakiliwa kutoka kalenda unaweza kuwa nayo yote, na hapo michoro ya majaribio ndiyo mashahidi. Aliyechora mwenyewe huwa na karatasi zenye vivuli vilivyokosewa. Katika mtihani wa AP wa sanaa nchini Marekani, sehemu yenye asilimia 60 ya alama hudai picha 15 za uchunguzi mmoja wa muda mrefu, na ndani yake lazima majaribio na masahihisho yaonekane, pamoja na kazi zilizokamilika.

Ukosefu wa majaribio hayo ndio huibua shaka kwamba mkono wa mzazi umeingia, malalamiko yanayojulikana katika miji ya Kenya tangu mtaala huu uanze. Kumshuku mtoto bila kitu mkononi ni kumwonea. Dawa ni kuhakikisha kwamba walau kazi moja katika kila mkoba imefanywa darasani mwalimu akiona. Ikiwa kazi hiyo na zile za nyumbani zinatofautiana kama kazi za watu wawili, kiwango hutolewa kwa ile iliyofanywa darasani.

Kuna upofu mwingine usio na hila yoyote. Msomaji aliyevutiwa na mhusika katika hadithi nne huanza kuuona hata mgogoro usiokuwepo. Njia rahisi ya kuupunguza ni kubadili mpangilio wa kazi. Badala ya kumaliza mkoba mmoja kwa matokeo yote matatu, mwalimu hupitia mikoba yote kwa matokeo ya kwanza, kisha huirudia yote kwa la pili. Inachosha zaidi, lakini kipimo hubaki kilekile kutoka mkoba wa kwanza hadi wa mwisho.

Ugumu wa wasahihishaji wengi kukubaliana ulionekana wazi katika jimbo la Vermont, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jimbo hilo lilianza kupima uandishi na hesabu za watoto wa gredi ya 4 na ya 8 kwa mikoba ya kazi. Watafiti wa taasisi ya RAND, wakiongozwa na Daniel Koretz, walilinganisha alama ambazo walimu wawili waliutolea mkoba mmoja, wakakuta zinapishana sana. Ripoti yao ya Desemba 1992 ilionyesha kwamba alama hizo hazikuwa imara kiasi cha kulinganisha shule na shule. Mikoba yenyewe ilitofautiana, kwa kuwa walimu walitoa kazi tofauti na kuwasaidia watoto kwa viwango tofauti. Na vipimo vya uandishi vilitumia maneno ya wingi, mathalani «mara kwa mara» na «mara chache». Mara chache ya mwalimu mmoja ni mara kwa mara ya mwingine.

Shule ndogo inaweza kujikagua bila mtafiti. Walimu wawili wachukue mikoba 12, kila mmoja aipime peke yake, kisha waweke karatasi zao pamoja. Wasikimbilie kufurahia wakikubaliana kwa 9. Ikiwa kila mmoja wao ameweka karibu mikoba yote katika «kufikia matarajio», makubaliano hayo yangeweza kupatikana hata kama hawakusoma. Wachague basi mikoba iliyotawanyika katika ngazi zote nne, na wanapopishana kila mmoja aonyeshe mstari aliouegemea. Mara nyingi mzozo huishia kwenye maneno ya kipimo: «mhusika amejengwa vizuri» hugombanisha, ilhali «sifa ya mhusika inatambulika bila mwandishi kuitaja» hupatanisha. Mikoba miwili au mitatu waliyoafikiana hutunzwa kama vielelezo vya kila ngazi kwa mwaka unaofuata.

Bado kuna kazi ambayo kipimo hakiifikii. Mwanafunzi mmoja anaweza kuleta hadithi isiyo na mgogoro wowote, orodha tu ya vitu vilivyokutwa katika mifuko ya koti la marehemu baba yake, kimoja baada ya kingine, na msomaji akamaliza akiwa amemfahamu baba huyo. Kwa matokeo ya mhusika, huenda amezidisha matarajio. Kwa matokeo ya mgogoro, hadithi hiyo haisemi lolote. Kumwandikia «mbali na matarajio» ni kudai kwamba alijaribu akashindwa, na hilo halimo mkobani. Kinachopaswa kuandikwa ni kwamba ushahidi haujapatikana, kisha aombwe kazi nyingine, fupi, ukurasa mmoja, yenye watu wawili wanaotaka kitu kimoja.