Zawadi ya kuhitimu Kurani: msahafu upi kwa umri upi?

Mtoto anapohitimu Kurani, jamaa hukusanyika, dua husomwa, mwalimu wa chuo hutunzwa, na mtoto naye hupewa zawadi. Miongoni mwa Waswahili Waislamu, iwe ni Lamu, Unguja, Maskati au London, zawadi inayotangulia nyingine zote ni msahafu wake mwenyewe.

Yapo, hata hivyo, malalamiko ambayo walimu wa chuo huyatoa mara kwa mara. Msahafu mzuri uliotolewa mbele ya wageni huishia juu ya kabati, ndani ya sanduku lake la mahameli, na mtoto aliyekuwa akisoma kila jioni huacha kusoma. Mara nyingi kosa si la mtoto. Zawadi ilichaguliwa kwa macho ya mtu mzima.

Maandishi hayafanani

Maneno ya Kurani ni yale yale, lakini namna ya kuyaandika hutofautiana kutoka chapa moja hadi nyingine. Kwa watoto wa Kiswahili walioko ughaibuni, chapa mbili ndizo hukutana zaidi.

Ya kwanza ni ile ya Madina. Huchapishwa na kiwanda cha Mfalme Fahd kilichofunguliwa mwaka 1984, na hati yake iliyoenea zaidi ni ya Uthman Taha, mwandishi mwenye asili ya Syria. Ina kurasa 604, kila ukurasa una mistari 15, na ukurasa humalizika pale aya inapomalizika. Karibu kila juzuu huchukua kurasa 20.

Ya pili ni chapa ya Kihindi, inayotumika India na Pakistan na katika madrasa nyingi za Uingereza. Hati yake ni nene zaidi, na kurasa zake huweza kuwa na mistari 13, 15 au 16. Alama zake pia ni tofauti. Katika chapa ya Madina, alifu ya kuunganishia huwekewa juu yake kichwa kidogo cha herufi saadi, ilhali katika chapa ya Kihindi alama hiyo haipo. Nayo chapa ya Kihindi huweka sukuni juu ya wau na yee za kuvuta sauti, mahali ambapo ile ya Madina huziacha tupu.

Mtu mzima aliyezoea kusoma huvuka tofauti hizo bila kuzihisi. Mtoto wa miaka tisa hukwama, kwa kuwa yeye husoma kwa alama. Mtoto anayehifadhi hupata tabu zaidi, kwani hukumbuka pia mahali aya ilipo: juu ya ukurasa, katikati, au mwisho wa ukurasa wa kushoto. Mpangilio ukibadilika, ramani hiyo aliyoijenga kichwani haimfai tena.

Nyumba moja, watoto wawili

Mfano ni wa familia yenye asili ya Pemba inayoishi Leicester. Mtoto wa kiume ana miaka tisa na amehitimu katika madrasa ya jioni, ambako husomeshwa kwa chapa ya Kihindi ya mistari 13. Ami yake aliyeko Maskati anataka kumpelekea msahafu wa Madina wenye jalada la dhahabu, mkubwa wa kuwekwa sebuleni.

Jambo la kwanza ni kuuliza mwalimu anatumia chapa gani. Jibu likiwa ni la Kihindi, basi zawadi iwe ya chapa hiyo hiyo na idadi hiyo hiyo ya mistari, hata kama ni ya bei nafuu. Ukubwa nao hutazamwa. Msahafu wa sentimita 14 kwa 20 mtoto anaweza kuubeba kwa mikono miwili na kusoma herufi zake bila kukodoa macho. Ule wa mfukoni una maandishi madogo mno kwake, na ule wa sebuleni humlemea. Fedha zinazobaki zinaweza kununua marufaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu, ili asome ameketi sawasawa.

Dada yake ana miaka 15, alihitimu zamani na sasa amebaleghe. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, asiyeona dalili za kubaleghe huhesabiwa kuwa amebaleghe akitimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo, yaani miaka 14 na miezi sita na ushei kwa kalenda ya kawaida. Tangu hapo sala na saumu ni faradhi kwake. Msichana huyu anajua kusoma. Anachokosa ni kujua maana ya anachokisoma.

Kwake yeye, zawadi inayofaa ni msahafu wenye tafsiri. Upo ule wa Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar na baadaye wa Kenya, uliochapishwa kwa ukamilifu Nairobi mwaka 1969 ukiwa na maelezo mengi chini ya kurasa. Upo pia wa Ali Muhsin al-Barwani, uliotolewa mwaka 1995. Ikiwa Kiswahili chake ni cha kuzungumza tu, kama ilivyo kwa wengi waliozaliwa ugenini, tafsiri ya Kiingereza huwekwa sambamba na ya Kiswahili. Kumpa mdogo wake wa miaka tisa kitabu hicho kizito ni kumtwika mzigo kabla ya wakati wake.

Aliyemaliza Juzuu Amma tu

Chuoni mtoto huanza na Alhamdu, kisha hurudi nyuma kutoka sura ya mwisho. Wapo wazazi wanaomtunza mtoto wa miaka sita au saba anapomaliza Juzuu Amma, yenye sura 37. Kwa umri huo, juzuu hiyo peke yake, iliyochapwa kwa herufi kubwa, ni bora kuliko msahafu mzima. Chapa za rangi zinazoonyesha hukumu za tajuwidi zinafaa iwapo mwalimu anazitumia, kwani rangi hutofautiana kutoka mchapishaji mmoja hadi mwingine.

Namna ya kuhakikisha

Kabla ya kununua, ifunguliwe Alhamdu na kutazamwa aya inayoanza na neno Maaliki. Chapa ya riwaya ya Hafsi, inayosomwa Afrika Mashariki na Ghuba, huonyesha mvuto baada ya herufi mimu. Mvuto huo ukikosekana, huenda msahafu ni wa riwaya ya Warshi, inayosomwa Moroko na Aljeria na kuuzwa katika maduka ya Ulaya. Si msahafu wenye kasoro, lakini haukuandikwa kwa kisomo alichofundishwa mtoto.

Jaribio la pili ni la mtoto mwenyewe. Afunguliwe ukurasa wowote wa chapa hiyo, kwa mfano kutoka kwa jirani, kisha asome mistari mitatu. Akisoma kwa mwendo wake wa kawaida, inamfaa. Akisitasita pale ambapo kwa msahafu wa chuoni hapiti kwa shida, itafutwe nyingine.

Jina la mtoto, la mwalimu wake na tarehe ya kuhitimu huandikwa kwenye kadi au karatasi tupu ya mwanzo, si pembeni mwa aya. Ami wa Maskati naye hahitaji kuuacha ule msahafu wa dhahabu. Anaweza kuuweka mpaka kijana atakapokuwa msomaji aliyekomaa, asiyetatizwa tena na mabadiliko ya hati.