Mifuko miwili ya muuza dagaa: jinsi ya kuilinda pesa ya mzigo isiliwe na nyumba

BUTIAMA. Saa kumi na mbili jioni, muuza dagaa anapofunga meza yake sokoni, mfuko wa aproni huwa umejaa noti. Humo ndimo inamotoka pesa ya unga, mafuta ya kupikia, daftari la mtoto na nauli ya kesho. Humo humo pia ndimo kilimo mtaji. Noti hazina alama ya kusema ipi ni ya nani, na ndiyo maana wafanyabiashara wengi wadogo huuza kila siku, wateja hawakosekani, lakini mwisho wa mwezi hukopa ili kuleta mzigo.

Dawa yake ni kujua, katika kila mauzo, kiasi gani ni cha kurudisha mzigo na kiasi gani ni cha mama na watoto wake, kisha kuviweka mbalimbali kabla ya kufika nyumbani.

Chukua mfano wa mama anayeuza dagaa Butiama. Bei zitakazotajwa ni za mfano tu; msomaji aweke za kwake, hesabu haibadiliki.

Sado moja, sehemu mbili

Mama huyu hufuata dagaa Musoma, kwenye mialo ya ziwa. Ananunua debe tano kwa Sh20,000 kila moja, jumla Sh100,000. Nauli yake na ya mzigo ni Sh8,000. Kwa hiyo mzigo ukifika mezani umeshamgharimu Sh108,000.

Debe moja hutoa sado tano, hivyo debe tano ni sado 25. Lakini mteja hakubali kipimo bila nyongeza, na chini ya gunia hubaki vumbi na vipande. Mama amezoea kwamba sado moja hupotea njiani, basi anahesabu 24. Akigawa Sh108,000 kwa 24 anapata Sh4,500. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kila sado.

Anaiuza sado Sh6,000. Maana yake, kila anapopokea Sh6,000, Sh4,500 si yake. Ni ya dagaa watakaonunuliwa safari ijayo. Inayobaki kugawanywa ni Sh1,500 tu.

Akiuza sado sita kwa siku, aproni ina Sh36,000. Kwa macho ni pesa nyingi. Kwa hesabu, Sh27,000 inarudi kwenye mzigo na Sh9,000 inabaki. Akitoa Sh500 ya ushuru na mifuko, siku nzima imemwachia Sh8,500. Mama anayetumia Sh12,000 nyumbani kwa sababu "leo nimeuza thelathini na sita" hajatumia faida. Amekula sehemu ya mtaji, na hataliona hilo mpaka siku ya kwenda Musoma.

Mama ajilipe mshahara

Hatua inayofuata ndiyo ngumu kuliko zote: kujipangia posho ya kila siku na kuishi ndani yake. Mama wa mfano wetu anajilipa Sh6,000. Hiyo ndiyo pesa ya nyumba, na ikiisha imeisha. Kwenye zile Sh8,500 inabaki Sh2,500, ambayo anaigawa mara mbili: Sh1,500 ya akiba na Sh1,000 ya dharura.

Kwa siku sita za kuuza katika wiki, akiba ni Sh9,000 na dharura ni Sh6,000. Wiki nne zikipita ana Sh36,000 ya akiba na Sh24,000 ya dharura. Si pesa ya kujengea nyumba. Lakini Sh36,000 ni karibu debe mbili za ziada kwa bei ya Musoma, yaani mzigo wa debe saba badala ya tano, kwa nauli ya kwenda ile ile. Hivyo ndivyo biashara ndogo inavyokua pasipo mkopo.

Posho lazima itoke kwenye faida halisi. Wengi hukosea kwa kuanza na mahitaji ya nyumba: nyumba inataka Sh10,000, basi biashara itoe Sh10,000. Biashara isiyozaa kiasi hicho haitakizaa kwa kuamriwa. Pengo lililobaki lizungumzwe na mwenza waziwazi: nani ananunua unga, nani analipa ada, nani anabeba mafuta na sabuni. Nyumba ambayo mama anauza na baba analima au anaendesha bodaboda, lakini kila kitu kinadaiwa kwenye aproni ya mama, haitaona mtaji ukikaa.

Mboga ya jioni nayo ilipiwe

Mtaji mwingi hauondoki kwa pesa taslimu. Unaondoka kwa kuchota. Jioni hakuna mboga, mama anabeba dagaa wa mezani. Jirani anachukua sado "nitakupa Jumamosi". Kwa sababu hakuna noti iliyotoka, inaonekana hakuna kilichopotea.

Njia ya kukamata wizi huu mdogo ni kuhesabu kabla ya kila safari ya mzigo. Mama anajumlisha vitu vitatu: pesa iliyo kwenye mfuko wa mtaji, sado zilizobaki kwa bei ya gharama, na sado alizokopesha kwa bei hiyo hiyo. Jumla irudi Sh108,000.

Tuseme ana Sh76,500 mfukoni, sado nne mezani ambazo ni Sh18,000, na sado mbili za mkopo ambazo ni Sh9,000. Jumla ni Sh103,500. Imepungua Sh4,500, sawasawa na sado moja. Hapo hakuna haja ya kumshuku mtu. Sado hiyo imeliwa nyumbani kidogo kidogo, na dawa yake ni kutoa Sh4,500 kwenye posho na kuirudisha kwenye mtaji. Dagaa wa nyumbani wanunuliwe kama dagaa wa mteja mwingine yeyote, ila kwa bei ya gharama.

Mbinu nyepesi kama hizi zimewahi kupimwa. Huko Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, wafanyabiashara wadogo waligawanywa katika makundi: wengine wakafundishwa uhasibu wa kawaida, wengine wakafundishwa kanuni chache tu, ikiwamo kuweka pesa ya biashara na ya nyumba katika droo mbili na kuandika karatasi ya deni kila pesa inapohama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliofundishwa kanuni nyepesi ndio walioboresha zaidi utunzaji wa hesabu zao.

Mbalamwezi na bei ya mzigo ujao

Mwenye kuuza dagaa anajua kwamba ziwa lina kalenda yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, nao hufuata mwanga kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti kitu na wavuvi wengi hupumzika. Dagaa hupungua, bei hupanda.

Tuseme debe imefika Sh24,000. Mtaji wa Sh108,000 haununui tena debe tano. Unanunua nne kwa Sh96,000, na nauli ya Sh8,000 juu yake. Debe nne ni sado 20. Moja ikipotea, zinabaki 19, na kila moja imemgharimu karibu Sh5,500. Akiendelea kuuza Sh6,000 anabaki na Sh500 kwa sado. Atauza siku nzima na asilipe hata posho.

Kwa hiyo, mara tu anaposikia bei ya Musoma imepanda, anapandisha sehemu ya mtaji hata kwa sado za mzigo wa zamani, maana pesa hiyo inakwenda kununua mzigo ujao kwa bei mpya. Sado akiiuza Sh7,000, wateja watapungua. Akiuza sado nne kwa siku anabaki na Sh6,000, akitoa ushuru na mifuko ni Sh5,500. Wiki hizo posho inashuka hadi Sh4,500 na akiba inakuwa ndogo. Giza likirudi, vyote vinarudi.

Akiba pia humpa nafasi ya kununua debe moja au mbili za ziada wakati wa giza na kuziuza mwezi unapong'aa. Lakini dagaa hao wawe wamekauka vizuri, na wakae juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu. Masika, dagaa waliokauka nusu huota ukungu na kugeuka harufu, na hapo akiba yote hutupwa. Asiye na pahali pakavu asijaribu.

Pesa ilale wapi?

Mifuko miwili kwenye aproni inasaidia mchana. Usiku pesa inahitaji mahali pagumu kidogo kufikika. Ushahidi mzuri unatoka karibu, Bumala, mji wa soko katika Kaunti ya Busia nchini Kenya. Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia akaunti za akiba wafanyabiashara wadogo waliochaguliwa kwa kura. Akaunti haikuwa na riba, na kutoa pesa kulikuwa na makato. Hata hivyo, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, kina mama wa sokoni waliopewa akaunti waliongeza pesa waliyoingiza kwenye biashara zao kwa asilimia 38 hadi 56 ikilinganishwa na wenzao. Kwa wanaume wa bodaboda za baiskeli mabadiliko hayo hayakuonekana.

Huenda kilichosaidia ni kwamba pesa haikuwa mkononi ndugu alipoomba na mtoto alipolilia soda. Laini ya simu isiyotumika kwa mambo mengine inaweza kufanya kazi hiyo, ila makato ya kutoa yahesabiwe. Kikoba pia kinafaa kwa akiba ya mwaka, lakini si kwa mtaji unaozunguka kila siku nne. Na kabla ya kujiunga, uliza kama kimesajiliwa, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka, na kama funguo za sanduku ziko kwa watu tofauti.

Mtoto akiugua

Hapa ndipo mifuko miwili huvunjika. Mtoto anachemka homa usiku, na pesa iliyo karibu ni ya mzigo. Jibu ni moja: mtoto apelekwe kituo cha afya usiku huo huo. Malaria haisubiri hesabu. Mfuko wa dharura utangulie, usipotosha mtaji uguswe.

Kinachotofautisha nyumba moja na nyingine ni kinachofanyika asubuhi. Mama aandike kwenye daftari: "Nyumba inadaiwa na dagaa Sh15,000", kisha ailipe Sh1,000 kila siku kutoka kwenye ile Sh1,500 ya akiba. Siku 15 za kuuza baadaye mzigo unarudi debe tano. Pesa ambayo haikuandikwa hairudi, na mwezi unaofuata mama huyo huyo ataonekana Musoma akinunua debe nne, bila kukumbuka ya tano ilikwenda wapi.