Wiki moja kabla ya karatasi ya Kiswahili: Alifu ya chuoni ni akiba ya mtahiniwa

Jumamosi iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, tuliketi na wanafunzi wetu wa darasa la watu wazima hapa Kasulu. Mvua zimekwisha kushika nyanda hizi za juu za Kigoma, na baadhi yao walifika na udongo wa shamba bado miguuni, kwa kuwa huu ni wakati wa kupanda mahindi na maharage. Wiki moja imebaki kabla hawajaingia katika chumba cha mtihani kufanya karatasi ya Kiswahili ya Mtihani wa Maarifa. Mtihani huu ndio mlango wa mtu mzima ambaye hakupata kusoma sekondari: akifaulu, huruhusiwa kujiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne.

Kamati ya msikiti ilituomba tuseme maneno ya kuwatia moyo. Kabla hatujafungua kinywa, mama mmoja aliyeketi karibu na mlango alinyoosha mkono. Akasema, "Katibu, mimi narudi mara ya pili. Mwaka uliopita hesabu sikuitegemea, lakini Kiswahili nilikitegemea, maana ndicho ninachosema kila siku sokoni. Nikaanguka. Watoto wangu waliyaona matokeo. Mara hii nikianguka tena, baba yao amekwisha sema basi."

Maneno yake yalitufanya tuiweke kando hotuba tuliyoiandaa. Mtu wa namna hii hahitaji kuambiwa kwamba elimu haina mwisho. Anahitaji kujua ni wapi alama zake zinapotelea. Basi tukamwomba ruhusa tusome daftari lake mbele ya wenzake bila kumtaja jina, naye akakubali.

Katika zoezi la mwisho mwalimu alikuwa amewataka waandike barua kwa shangazi kumweleza maandalizi ya harusi ya nyumbani. Barua ya mama huyu ilikuwa na anwani, salamu, mpangilio mzuri wa aya na hitimisho. Lakini katikati yake tulikuta sentensi tatu hizi: "Mahali ya dada ni mbuzi wanne. Kalamu itafanyika nyumbani Jumapili. Zamani ya mchele imepanda."

Darasa zima lilimwelewa, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyosema nyumbani. Sisi tuliolelewa na Kiha kinywani, L na R hutuponyoka bila msikilizaji kupotea, na sauti za DH, TH na GH hatukuzinyonya pamoja na maziwa ya mama. Sokoni mtu akiambiwa bei ni "selasini", hutoa fedha na kuondoka. Msahihishaji hatusikii, yeye husoma tu. Katika karatasi ile alisoma kwamba pahala pa dada ni mbuzi wanne, kwamba chombo cha kuandikia kitafanyika Jumapili, na kwamba nyakati za kale za mchele zimepanda. Mwandishi alikusudia mahari, karamu na thamani.

Hapo ndipo tulipowauliza swali ambalo hawakulitazamia: "Nani kati yenu alisoma chuoni utotoni, akazijua herufi kuanzia alifu hadi ye?" Mikono karibu yote ilipanda. Tukawaambia kwamba dawa ya sentensi zile tatu wanayo tangu wakiwa na umri wa miaka saba, ila hakuna aliyepata kuwaambia kwamba ni dawa ya mtihani wa Kiswahili.

Tulichukua chaki. Mahari asili yake ni neno la Kiarabu lenye herufi mimu, he na re. Mahali limetokana na neno lenye mimu, ha na lamu. Kalamu ni qafu, lamu, mimu, na kila aliyeifikia Sura ya 68 ameliona jina lake. Karamu ni kafu, re, mimu, ukoo mmoja na ukarimu. Thamani huanza kwa the, ile yenye nukta tatu juu. Zamani huanza kwa ze, yenye nukta moja. Mtu aliyepigwa kiboko chuoni kwa kuchanganya lamu na re hawezi kuzichanganya tena akizikumbuka kwa sura zake. Shida ni kwamba tumezoea kuviweka vitu hivi katika kabati mbili: alifu ni ya dini, na abechede ni ya serikali. Wiki hii tuzifungue zote mbili kwa pamoja.

Mzee mmoja akauliza, "Katibu, chuoni tulifundishwa dhali, dhadi na dho, na kila moja ina mahali pake pa kutokea kinywani. Katika Kiswahili nitaziandikaje?" Swali lilikuwa zuri, na jibu lake ni jepesi: zote tatu Kiswahili huziandika DH. Dhambi na adhabu zimetoka kwenye dhali. Dhamana, kadhi na Ramadhani zimetoka kwenye dhadi. Dhuluma na adhuhuri zimetoka kwenye dho. Lakini ze hubaki Z, kama katika zaka, ziara na zamani. The huwa TH, kama katika thawabu, hadithi, urithi na thelathini. Ghaini huwa GH, kama katika ghali, ghafla, shughuli na lugha. Neno hili la mwisho tulilipigia mstari, maana wengi wao walikuwa wameandika "luga" katika mtihani wa lugha yenyewe.

Ilitupasa pia kuwaonya, kwa sababu alifu humsaidia mtahiniwa katika mambo mengi na humpoteza katika jambo moja. Jambo hilo ni kha. Sisi watu wa msikitini tumezoea kusema na kuandika "kheri", "khabari" na "khofu", na mabango yetu ya sikukuu yamejaa kheri. Kiswahili sanifu kinachotahiniwa huandika heri, habari, hofu, hatari na hamsini. Mfano ulio karibu nasi ni neno lenyewe la kazi tuliyokuwa tukiifanya jioni ile: imamu hutoa khutba siku ya Ijumaa, lakini swali la mtihani likimtaka mtahiniwa aandike hotuba, neno hilo halina K. Katika daftari moja tulikuta "khotuba", kosa la mtu aliyejua mengi, si la asiyejua.

Onyo la pili lilihusu kuzidisha. Mtu akishajua kwamba alikuwa akiiacha DH, huanza kuiweka kila mahali, na hapo huzaliwa "dhaidi", "dhawadi" na hata "dhiwa la Tanganyika". Kadhalika anayeogopa R huandika "lafiki", ilhali chuoni neno hilo lina re. Kwa hiyo tuliwapa kipimo. Neno likiwa la shambani, la jikoni au la mwilini, lile ambalo babu zetu walikuwa nalo kabla ya mgeni yeyote, halina DH wala TH wala GH: ni ziwa, zizi, zaa, kiazi. Maneno ya namna hiyo mengi huchukua L, kama lima, lala, lea, chakula na mlango. Yapo yenye R, kama ruka, lakini ni machache, na hayo hujifunzwa moja moja. Kumbukeni kula na kura: kula ni neno la jikoni, na kura ni neno lililokuja na re yake.

Kipo na kipimo kingine, cha sarufi, kwa yule ambaye hakupata kusoma chuoni. Liunganishe neno na neno jingine, ulisikilize. Tunasema "mahali pangu" na "mahari yangu". Ikiwa kiungo kinachokujia ni pa, andika L. Ikiwa ni ya, andika R. Mama yule angejiuliza hivyo, ile "mahali ya dada" ingemshtua mwenyewe kabla haijamshtua msahihishaji. Hata hivyo kipimo hiki hakisaidii kwa kalamu na karamu, kwa kuwa zote mbili ni "yangu". Hapo hakuna njia ila kurudi kwenye lamu na re.

Jumapili tulipanda basi kwenda Kibondo, ambako darasa dada linajiandaa kwa karatasi hiyo hiyo. Tuliyafungua madaftari yao, tukakuta makosa yale yale, kana kwamba wanafunzi wa miji miwili walikaa dawati moja. Hilo lilitupa faraja. Makosa yanayofanana hivyo hayatokani na uzito wa kichwa cha mtu. Yana chanzo kimoja, na chanzo kikijulikana hutibika.

Kwa madarasa yote mawili tulipanga wiki hii kwa namna moja, tukizingatia kwamba mchana ni wa jembe. Kila jioni baada ya Isha, mwanafunzi achague maneno kumi kutoka katika makosa yake mwenyewe, si kutoka kitabuni. Mtoto wa nyumbani anayesoma shule amsomee, yeye aandike, kisha walinganishe na kamusi. Watoto wasidhani kwamba wanawafundisha wazazi wao kwa kuwa wazazi hawajui. Mwambieni mwanao akusomee kama vile mnavyosikilizana Qur'ani: mmoja husoma, mwingine hushika.

Jumatano na Ijumaa kila mmoja aandike barua au insha moja kamili kwa dakika arobaini, saa ikiwa mezani. Mkono uliozoea jembe huchoka upesi kwa kalamu, na wengi huacha hitimisho kwa sababu ya mkono, si kwa kukosa la kusema. Dakika kumi za mwisho ziwe za kusoma upya, tena kwa zamu: mara ya kwanza tafuta L na R tu, mara ya pili DH, TH na GH tu. Jicho linalotafuta kila kosa kwa pamoja huliona moja na kuyapita matatu.

Siku ya mtihani simu ibaki nyumbani, si mfukoni ikiwa imezimwa. Mtu mzima husahau kwamba simu yake ni sehemu ya mwili wake, na kukutwa nayo chumbani kunaweza kumfutia matokeo yote. Beba kalamu mbili za wino wa bluu au mweusi, na andika namba yako ya mtihani katika kila ukurasa.

Kabla ya Magharibi mama yule aliomba chaki. Alisimama ubaoni, akaziandika upya sentensi zake tatu: "Mahari ya dada ni mbuzi wanne. Karamu itafanyika nyumbani Jumapili. Thamani ya mchele imepanda." Kisha, chini ya kila neno alilolisahihisha, akaandika kwa hati ya chuoni re, re, na the yenye nukta zake tatu. Mwalimu hakufuta ubao huo. Tumeomba ubaki hivyo hadi wiki ijayo, na tunawaomba wasomaji wa ukurasa huu mtuunge mkono kwa dua.