Duka Likizaa Tawi

Mfumo wa mauzo wa duka moja huandika idadi ya mzigo palepale kwenye jedwali la bidhaa: sukari, mifuko 40. Mwenye duka la Kariakoo akifungua tawi Mbagala, hiyo 40 haisemi tena mifuko iko wapi. Kwa hiyo waraka wa usanifu huanza kwa kuihamishia idadi kwenye jedwali jipya, lenye safu moja kwa kila bidhaa katika kila tawi.

Kigumu hasa ni uhamisho. Mifuko 10 ikipakiwa, Kariakoo inabaki na 30, Mbagala bado 0, na 10 inahesabiwa “njiani” mpaka mpokeaji athibitishe. Akipokea 9, upungufu uandikwe, usifutwe kimyakimya. Waraka usiotaja “njiani” urudishwe kwa aliyeuandika.