Ingiza Kidole Gumba Kabla ya Kulipa

Dereva wa bodaboda anayenibeba kila asubuhi aliniomba nimsindikize Kariakoo akanunue helmeti. Muuzaji alituwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya nusu kichwa, nyembamba, ina picha ya fuvu na stika ya DOT kisogoni. Ya pili ilifunika uso mzima, na bei yake ilikuwa mara mbili.

Nilimwambia aingize kidole gumba ndani ya ile ya fuvu. Kilizama kwenye sponji kikagota plastiki. Hiyo ni helmeti ya mapambo. Helmeti ya kweli, chini ya kitambaa, ina tabaka la povu gumu, kama lile la kufungashia televisheni, lenye unene wa sentimeta 2.5 hivi. Kichwa kikigonga lami, povu hilo hupondeka na kukipunguzia kasi. Sponji hulala papo hapo, na kichwa kikapokea kishindo chote. Povu likishapondeka halirudi, ndiyo maana helmeti iliyopata ajali haivaliwi tena hata kama gamba halina ufa.

Stika peke yake haitoshi. DOT ni alama ya Marekani, na ni mtengenezaji mwenyewe anayejithibitishia. Tangu 2013 sheria ya huko inataka stika iwe pia na jina lake na maneno FMVSS No. 218 na CERTIFIED. Ile ya fuvu ilikuwa na herufi tatu tu.

Ya pili ilikuwa na lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu: herufi E ndani ya duara, na nambari inayoanza na 06, yaani toleo jipya la kiwango cha ECE. Herufi P iliyofuata huonyesha kwamba sehemu ya kidevu imepimwa na inakinga. Ukikuta NP, kidevu kipo lakini hakikingi. Lebo nazo hughushiwa, kwa hiyo kidole gumba kiliingia huku pia, kikakutana na povu gumu.

Gamba lake lilikuwa la plastiki. Faiba ni nzuri, lakini plastiki iliyofaulu vipimo inatosha, mradi usiifute kwa petroli wala kuipaka rangi, maana huidhoofisha kimyakimya.

Ikabaki saizi. Tulizungusha futi ya fundi cherehani juu kidogo ya nyusi, tukapata sentimeta 58. Alipoivaa na kufunga mkanda, nilishika ukingo wa nyuma nikaisukuma kwenda mbele. Haikuvuka kichwa. Nilipoitikisa, ngozi ya mashavu ilifuatana nayo.

“Inabana, kaka,” alilalamika.

“Mashavuni iache ibane, sponji italegea. Ikiuma kwenye paji la uso, hiyo siyo yako.”

Haikuuma. Alipokuwa akihesabu noti, alimuuliza muuzaji ile ya fuvu hununuliwa na nani.

“Hiyo?” Muuzaji alicheka. “Hiyo ni ya kumkwepea trafiki tu.”