Pengo la Mapato na Uwezekano wa Kampuni Kushindwa Kulipa

Chukua hatifungani mbili za mwaka mmoja, moja ya serikali na nyingine ya kampuni. Kila moja inaahidi kulipa shilingi 100 siku ya kuiva, na hakuna riba nyingine katikati. Ya serikali inampa mwekezaji mapato ya asilimia 13, ya kampuni asilimia 16. Viwango hivi ni vya mfano tu.

Pengo la asilimia 3 lipo kwa sababu kampuni inaweza kushindwa kulipa. Swali ni je, soko limekadiria uwezekano huo kuwa kiasi gani?

Jibu limefichwa kwenye bei. Hatifungani ya serikali leo inauzwa kwa 100 gawa kwa 1.13, yaani shilingi 88.50. Ya kampuni ni 100 gawa kwa 1.16, yaani 86.21. Tofauti ya shilingi 2.29 ndiyo thamani ya leo ya hasara inayotarajiwa. Ikipelekwa mwisho wa mwaka kwa kuizidisha kwa 1.13, inakuwa karibu shilingi 2.59.

Hapo linaingia swali la pili: kampuni ikianguka, mwenye hatifungani ataokoa kiasi gani? Wataalamu wengi huanza na asilimia 40, kiwango kilichozoeleka kwa deni la kampuni lisilo na rehani. Basi kila anguko linapoteza shilingi 60, na 2.59 gawa kwa 60 ni asilimia 4.3. Kwa fomula:

```
q = (1 - 1.13/1.16) / (1 - R)
```

Herufi q ni uwezekano wa kampuni kuanguka, na R ni sehemu inayookolewa. Vitabu vingi hutoa njia ya mkato, yaani pengo gawa kwa hasara, ambayo hapa ni 3 gawa kwa 60, sawa na asilimia 5. Pale riba zilipo chini njia hiyo haikosei sana, lakini kwa riba za Afrika Mashariki inazidisha jibu, kama inavyoonekana. Na dhana ya R ina uzito kuliko hesabu yote. Ikiwa mwenye deni ataokoa asilimia 70, uwezekano unapanda hadi 8.6. Asipookoa chochote, unashuka hadi 2.6. Pengo ni lile lile moja.

Je, hii ina maana kwamba kati ya kampuni 1,000 za aina hiyo, 43 zitaanguka ndani ya mwaka? Hapana, na hapa ndipo wengi hupotea. Hesabu imefanywa kana kwamba mwekezaji hadai malipo yoyote ya ziada kwa kubeba hatari. Mwekezaji halisi huyadai, hasa kwa kuwa kampuni huwa zinaanguka pamoja, wakati uchumi umebana na kila mtu anahitaji fedha. Woga huo wote umemiminwa ndani ya ile asilimia 4.3. John Hull, Mirela Predescu na Alan White walipima jambo hili mwaka 2005 kwa kampuni zilizopewa daraja la Baa. Historia ilionyesha kasi ya kuanguka ya asilimia 0.47 kwa mwaka, ilhali bei za hatifungani zilionyesha 2.38, zaidi ya mara 5.

Namba inayotokana na bei si utabiri, lakini kwa kupanga bei ndiyo inayofaa. Benki inayotaka kudhamini hasara ya hatifungani yetu ya mfano isitoze chini ya shilingi 2.29 leo kwa kila 100. Ikitumia takwimu za historia, itauza dhamana kwa bei ya kutupa.

Hesabu huharibika pale bei yenyewe inapokuwa si bei. Hatifungani ya miundombinu ya Kenya, ambayo riba yake haikatwi kodi, haifai kulinganishwa moja kwa moja na ya kampuni inayokatwa, kwani pengo litabeba kodi ndani yake. Pia hatifungani isiyouzwa na kununuliwa haina mapato ya leo, ina riba iliyoandikwa siku ilipotolewa tu. Mwaka 2015 Imperial Bank ya Kenya ilikusanya shilingi bilioni 2 kwa hatifungani ya riba ya asilimia 15. Tarehe 13 Oktoba, kabla haijaanza kuuzwa Soko la Hisa la Nairobi, Benki Kuu iliiweka benki hiyo chini ya usimamizi wa mrasimu. Mwezi huo hati za serikali za siku 91 zilikuwa zimevuka asilimia 20. Mtu angezipachika riba hizo kwenye fomula, bila hata kujali tofauti ya muda wa kuiva, angepata uwezekano ulio chini ya sifuri kwa benki iliyokuwa imeshafungwa. Jibu hasi la namna hiyo ni dalili kwamba moja ya bei mbili imechakaa, au haikuwahi kupimwa sokoni.